Kadi ya pole kwa mfanyakazi mwenzako: kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, na kurudi

Kadi ya kumtakia mgonjwa afya ina mistari mitatu au minne, na ndiyo maana makosa yake huonekana haraka. Katika barua ya kurasa mbili, sentensi moja iliyotafsiriwa vibaya humezwa na nyingine. Kwenye kadi haina pa kujificha. Mgonjwa naye ana muda: yuko kitandani, anaisoma asubuhi, anairudia jioni, na wanaomuuguza wanaichukua mezani na kuisoma kwa sauti.

Kazi ya kuiandika kadi kwa lugha mbili humwangukia mtu mmoja ofisini, yule anayejulikana kuwa anazimudu zote mbili. Anaitwa na mkuu wa idara, anapewa maneno ya Kiingereza yaliyokwisha andikwa, anaambiwa, “Hebu tuwekee na Kiswahili chake.” Au mambo yanakuwa kinyume: wenzake wameandika kwa Kiswahili, na mgonjwa ni mgeni aliyetoka Uingereza au Kanada ambaye Kiswahili chake kinaishia kwenye salamu. Makala haya ni kwa ajili ya mtu huyo. Hana haja ya kuwa mfasiri wa kusomea. Anachohitaji ni kujua kila sentensi ya kadi inafanya kazi gani, kisha kuiacha lugha ya pili ifanye kazi hiyo kwa njia yake.

Kadi ya Kiingereza na ya Kiswahili hazikuzaliwa katika desturi moja. Kwa Waingereza na Wamarekani, mara nyingi kadi ndiyo inayokwenda badala ya watu. Inazungushwa ofisini, kila mtu anatia saini, inatumwa kwa posta au inapelekwa na mmoja, na mgonjwa huachwa apumzike bila wageni. Maneno yaliyomo hubeba uzito wote. Kwetu mgonjwa huendewa. Watu hupanga siku, huchangishana, hununua matunda, huenda hospitali saa ya kuona wagonjwa au huenda nyumbani kumjulia hali. Kadi ikiwepo, inakwenda pamoja na watu na bahasha ya mchango. Kwa hiyo “Pole sana, Mungu akujalie afya” inatosha kabisa kwa Kiswahili, kwa kuwa mengine yanasemwa kwa mdomo kando ya kitanda. Ukiigeuza sentensi hiyo ilivyo kwa Kiingereza, msomaji ataiona fupi mno. Na ukiigeuza kadi ya Kiingereza ilivyo kwa Kiswahili, msomaji wetu ataona watu wameongea sana bila kumpa pole.

Tuchukue mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Tuseme ni kampuni ya uwakala wa forodha Dar es Salaam. Rehema, mhasibu wa miaka thelathini na kitu, amefanyiwa upasuaji wa nyongo, ametoka hospitali na yuko nyumbani kwake. Meneja wake ni Mwingereza, naye ameandika hivi:

“Dear Rehema, We were so sorry to hear about your operation. Get well soon, and take all the time you need. We miss you! Love from all of us in Accounts.”

Kwa Kiingereza hii ni kadi nzuri. Ina upole, haina makuu, haimchoshi mtu. Sasa angalia inavyotoka ikitafsiriwa neno kwa neno:

“Mpenzi Rehema, Tulikuwa samahani sana kusikia kuhusu operesheni yako. Pata vizuri hivi karibuni, na chukua muda wote unaohitaji. Tunakukosa! Mapenzi kutoka kwetu sote katika Hesabu.”

Kila neno lina asili yake katika kadi ya meneja, lakini hakuna Mswahili anayezungumza hivyo. Tuanze juu.

Neno la kumwitia mtu kwenye barua za Kiingereza halina mapenzi ndani yake. Huandikiwa hata benki na mamlaka ya maji. “Mpenzi” kwa Kiswahili cha leo, kutoka kwa meneja mwanamume kwenda kwa mhasibu mwanamke, ni jambo jingine, na mume wa Rehema ana haki ya kuuliza. “Mpendwa” ni salama zaidi, ingawa lina harufu ya kanisani au ya barua rasmi. Lililo bora ni kumwita kwa namna anavyoitwa ofisini kila siku. Kama vijana wanamwita Dada Rehema, kadi imwite Dada Rehema. Kama ana mtoto na watu wanamwita Mama Neema, iandikwe Mama Neema, maana jina hilo peke yake lina joto ambalo hakuna kivumishi kitakachoongeza. Kwa mtu mzima aliyekaribia kustaafu, kadi iliyoandikwa na vijana inaweza kuanza na “Shikamoo Mzee” pamoja na jina lake, na akiisoma atajisikia amesalimiwa. Nairobi mwanzo huo hauzoeleki sana ofisini; huko jina lenye “Bwana” au “Bi.” mbele, au jina peke yake, linatosha.

Mstari wa pili ndio penye kosa linalotokea mara nyingi kuliko yote. Kiingereza kina neno moja la kuomba radhi na la kumhurumia aliyefikwa na jambo. Kiswahili kimeyatenganisha. Samahani ni ya aliyekosea. Pole ni ya anayemwonea huruma mwenzake. Meneja hakumpasua Rehema. Hana la kuombea radhi. Anachotaka kusema ni pole, na kwa Kiswahili pole haihitaji kutanguliwa na “tulisikia” wala “tulihuzunika”. Inasimama yenyewe mwanzoni: “Pole sana kwa upasuaji.” Ukitaka kugusa tukio kwa mbali, andika “Pole sana kwa yaliyokupata.” Tanzania utasikia pia “Pole na kuumwa” au “Pole kwa kuumwa”, na Kenya “Pole kwa kuugua”. Zote ni sawa, na zote ni bora kuliko “pole” tupu, kwa sababu pole hutolewa pia kwa msiba, kwa safari na hata kwa kazi nzito. Maneno mawili yanayofuata yanamwambia msomaji ni pole ya nini.

Tufike kwenye moyo wa kadi, yale maneno matatu ya Kiingereza yaliyochapwa kwa herufi kubwa kwenye kadi za dukani. Umbo lake ni amri, lakini Mwingereza haisikii kama amri. Kiswahili ukiandika “Pona haraka”, umeamrisha. Kwa mtoto au kwa rafiki wa karibu inapita; kwa mfanyakazi mwenzako, na zaidi ikitoka kwa mkubwa wake, inakwaruza. Dua na matakwa kwa Kiswahili hukaa kwenye kitenzi kinachoishia na “e”: upone, upate nafuu, akujalie, akuponye. Herufi hiyo mwishoni, pamoja na kiambishi cha mwanzo, hugeuza amri kuwa maombi. “Upone haraka” basi. Usiandike “utapona haraka”, kwa kuwa huo ni utabiri, na utabiri ni wa daktari. Na “hivi karibuni” iache kwenye taarifa ya habari, inakozoeleka kwa mambo yaliyotokea juzi au yatakayotokea kesho kutwa. Haifai kumtakia mtu afya.

Lakini Kiswahili kina neno lake la asili la mahali hapa, nalo halifanani na la Kiingereza hata kidogo: ugua pole. Linatumika bara na pwani, Kenya na Tanzania. Halimtaki mgonjwa apone leo. Linamtakia ugonjwa uwe mpole naye, umwachie taratibu. Kwa mtu aliyetoka kupasuliwa, ambaye anajua fika kwamba kidonda kina wiki zake, ni neno la kweli kuliko haraka yoyote. Mimi nikiwa na nafasi ya maneno mawili tu kwenye kadi ya Kiswahili, naandika hayo. Wakenya wengi pia huandika “Nakutakia afueni ya haraka”, na Watanzania husema zaidi nafuu kuliko afueni. Chagua lile linalosemwa mahali mgonjwa alipo.

Sehemu inayofuata, ya kumwambia achukue muda wote anaouhitaji, inataka uangalifu wa aina nyingine. “Chukua muda wako” ni Kiingereza kilichovaa maneno ya Kiswahili. Tunachosema sisi ni “Usiwe na haraka ya kurudi” au “Pumzika hadi upate nguvu.” Ila kuna jambo la sheria hapa ambalo wafasiri hulipita. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ni adabu tu, kila mtu anajua. Ikiandikwa kwa Kiswahili, bila utani, na kusainiwa na meneja, inaweza kusomwa kama ahadi ya likizo isiyo na mwisho. Likizo ya ugonjwa ina mipaka yake. Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi hadi siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inaweka kiwango cha chini cha siku 7 za malipo kamili na 7 za nusu malipo katika kila miezi 12, kwa aliyekwisha fanya kazi miezi miwili mfululizo. Kadi si mahali pa kuyataja hayo, wala si mahali pa kuyavuruga. Kadi ya meneja iseme jambo dogo lililo la hakika: kazi zake zimepata wa kuzishika. Hilo ndilo linalomwondolea mgonjwa wasiwasi, maana mhasibu aliyelala mwishoni mwa mwezi anaziwaza hesabu zake.

“Tunakukosa” linazidi kusikika siku hizi, na vijana wanasema “tumekumisi” bila taabu. Kwa kadi ya watu wa rika zote, “Tunakukumbuka” ndilo linalokubalika. Kukosa kwa maana yake ya kwanza ni kutopata kitu au kutenda kosa, na mtu mzima akisoma “tunakukosa” husita kidogo. Jihadhari pia na maneno ya kuisifia nafasi yake yasije yakageuka. Kuna aliyetaka kusema ofisi haichangamki tangu mwenzao alale, akaandika “ofisi imepooza”. Ni usemi wa kawaida kabisa mitaani, lakini haupelekwi kwa mgonjwa, na sembuse kwa aliyepatwa na kiharusi.

Mwisho ni saini. Upendo wa kufunga barua ni mwepisi kwa Kiingereza. Hata jirani humwandikia jirani. Kwa Kiswahili mahali pake panakaa uhusiano: “Sisi wenzako wa idara ya hesabu.” Neno “wenzako” linasema kila kitu kilichokuwa kimefichwa kwenye ule upendo. Kadi ya Rehema sasa inasomeka hivi:

“Dada Rehema, pole sana kwa upasuaji. Ugua pole, na usiwe na haraka ya kurudi. Hesabu za mwezi tumegawana. Tunakukumbuka sana. Sisi wenzako wa idara ya hesabu.”

Ukihesabu maneno utakuta Kiswahili kimetumia machache kuliko Kiingereza. Hiyo ni kawaida na isikutie hofu ya kuongeza. “Tunakuombea” ni neno moja lenye mtendaji, wakati, mtendewa na tendo, na Kiingereza kinahitaji maneno matano kulisema. Ukijaza nafasi iliyobaki kwa “sana sana” na “kwa dhati kabisa”, utaiharibu. Nafasi iache kwa ajili ya saini za watu.

Sijaona kosa la kadi linaloumiza kuliko lile la kuchanganya maneno ya ugonjwa na ya msiba, na kila lugha ina mtego wake. Kwa Kiingereza mtu anaweza kumwambia mgonjwa apumzike kwa utulivu. Anayetafsiri kwa haraka huandika “Pumzika kwa amani”, na hayo kwa Kiswahili ni maneno ya kaburini. Yamo kwenye matangazo ya vifo, kwenye mabango ya picha za marehemu, kwenye ujumbe wa simu baada ya maziko. Mgonjwa akiyaona kwenye kadi yake hatacheka. Andika “Pumzika vizuri” au “Pumzika vya kutosha”. Ukielekea upande wa pili, yaani kutoka Kiswahili, usimwandikie mgonjwa “Rest in peace” wala “Rest easy”; maneno hayo ya pili nayo siku hizi huandikwa kwa waliokufa. Andika “Get plenty of rest.”

Mtego mwingine uko kwenye lugha ya ofisi. Makatibu na maofisa wamezoea kuanza na “Tumepokea kwa masikitiko makubwa taarifa za…”, na mkono unaandika wenyewe kabla akili haijafika. Huo ni mwanzo wa barua ya rambirambi. Mgonjwa hapewi rambirambi, anapewa salamu za pole. Kwa Kiingereza nako, mtu aliyezoea kusema “tunakuombea na kukukumbuka” huvutwa aandike “Our thoughts and prayers are with you”. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini msomaji wa Kiingereza ameizoea kwenye habari za maafa na vifo, na kwa aliyevunjika mguu ni nzito mno. “We're thinking of you” inatosha.

Hapo tumegusa dua, na dua ndiyo tofauti kubwa kati ya kadi hizi mbili. Kadi ya Kiswahili isiyomtaja Mungu haina ubaya, ila wengi huiona imepungukiwa. “Mungu akujalie afya njema” inafaa kwa Mwislamu na Mkristo sawasawa, kwa sababu neno Mungu ni la wote. Ukijua mwenzako ni Mwislamu na ukawa na ukaribu naye, “Mwenyezi Mungu akupe shifaa” litamgusa zaidi. Kama hujui, usibahatishe. Baki na lile la wote. Kwenye ofisi za Uingereza au Kanada mambo ni tofauti. Dini huko huhesabiwa kuwa jambo la mtu binafsi, na kadi ya kikundi kwa kawaida haimtaji Mungu. Hilo halimaanishi uifute imani yako. Linamaanisha maneno makuu ya kadi yawe yale ambayo kila aliyesaini anaweza kuyasema, na wewe ukitaka kumwombea mwenzako uandike kwa mkono wako kando ya jina lako: “Praying for you.” Kwa mtu mmoja kwenda kwa mtu mmoja, maneno hayo hupokelewa vizuri hata na asiyeswali.

Sasa turudi upande wa pili wa barabara. Mwaka umepita katika kampuni ile ile, na aliyelala ni David, fundi wa mifumo ya kompyuta aliyetoka Uingereza. Ana homa ya mapafu. Vijana wa karakana wamemwandikia hivi:

“Kaka Daudi, pole sana kwa kuumwa. Sote hapa tunakuombea kwa Mungu akujalie afya njema na akurudishe kazini salama. Ugua pole. Wenzako.”

Neno kwa neno, David angesomewa kwamba ni ndugu yao, wanaomba radhi kwa ugonjwa, wanamwomba Mungu amrudishe kazini, na augue polepole. Hilo la mwisho lingemtisha kweli, maana lingeonekana kama linamtakia ugonjwa mrefu. Anayetafsiri ashike nia ya kila sentensi. Pole ya mwanzo kwa Kiingereza inahitaji kitenzi cha kusikia, kwa kuwa “Sorry” peke yake juu ya karatasi huonekana kama kuomba radhi. “Ugua pole” inabadilishwa iwe matakwa ya kupona taratibu bila shida. Na “akurudishe kazini salama”, ambalo kwetu ni dua ya kumwona tena akiwa mzima, kwa Mwingereza linasikika kama bosi anayehesabu siku. Liongezewe maneno yanayomwachia mgonjwa hiari ya kurudi atakapokuwa tayari:

“Dear David, We were sorry to hear you've been unwell. Wishing you a gentle recovery, and we look forward to seeing you when you're ready. From all of us in the workshop.”

“Kaka” limeondoka, na sikupenda kuliacha. Kiingereza cha ofisi hakina pa kuliweka. Likitafsiriwa linageuka la kanisani au la mtaani. Ninachoshauri ni kuuacha mstari wa kwanza wa Kiswahili juu ya kadi kama ulivyo, “Kaka Daudi, pole sana”, kisha Kiingereza kifuate chini yake. David amekaa nchini, salamu anazijua, na “kaka” amekwisha kuitwa. Katika kadi ya lugha moja, ni mahali pekee ninapopendekeza lugha mbili zikutane, na hata hapo kila lugha ikae kwenye mstari wake. Sentensi moja iliyochanganywa nusu kwa nusu inafaa kwenye mazungumzo, kwenye kadi inaonekana haikumalizwa.

Ikiwa kadi yote ni ya lugha mbili, lugha ya mgonjwa ndiyo ikae juu na kwa maandishi makubwa. Wanaosaini wasilazimishwe lugha. Tafsiri maneno makuu tu, halafu kila mtu aandike salamu yake fupi kwa lugha inayomtoka. Kadi ya kawaida ikikunjwa inakuwa sentimita 10 kwa 15 hivi, na watu kumi na watano wakiandika mstari mmoja mmoja itakuwa imejaa. Maneno makuu yenye zaidi ya mistari mitano yatawasukuma wengine nyuma ya kadi.

Kuna jambo ambalo halimo katika kadi zote mbili, na halikuachwa kwa bahati: jina la ugonjwa. Kwa Rehema tulisema upasuaji kwa sababu mwenyewe aliutangaza ofisini kabla ya kwenda. Hatukusema nyongo. Kwa David tulisema kuumwa tu. Kadi hupita mezani kwa watu ambao pengine hawajui, hubaki wazi sebuleni, husomwa na wageni. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya mwaka 2022 zote zinazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Hata bila sheria, mtu mwenyewe ndiye mwenye haki ya kuamua nani ajue. Kama yeye hakutaja, andika “kwa kuumwa” au “kwa yaliyokupata”, na kwa Kiingereza “unwell”. Neno hilo la Kiingereza halina maelezo, na uzuri wake uko hapo.

Yako magonjwa ambayo “upone haraka” haifai kabisa. Mwenzako akiwa kwenye matibabu ya saratani, au kwenye ugonjwa ambao ninyi na yeye mnajua kwamba hauondoki, haraka inageuka kuwa maneno yasiyomwona. Kiingereza huliacha “Get well soon” na kushika “Thinking of you”. Lakini “Tunakufikiria” kwa Kiswahili ni tafsiri pungufu, kwa sababu kufikiria ni kazi ya kichwa na huweza kumaanisha mnalijadili suala lake. Sema “Tuko pamoja nawe.” Unaweza kuongeza “Mungu akutie nguvu”, ambayo haiahidi kupona wala haikatai. Na ukitafsiri hiyo kwenda Kiingereza, “We're with you, every day” inaelekea zaidi kwenye maana yake kuliko neno lolote la nguvu, maana kumwambia mgonjwa wa saratani kwa Kiingereza awe na nguvu humfanya ajione anatakiwa kupigana wakati amechoka.

Nimebakiza kadi moja ambayo kwa Kiswahili tunaihitaji sana: ya mwenzako ambaye yeye ni mzima lakini mtoto wake, mama yake au mume wake ndiye anaumwa. Analala hospitali kwenye kiti na asubuhi anakuja kazini. Kiswahili kinamwona na kina pole yake, “Pole kwa kuuguza.” Kwa wawili au kwa nyumba nzima inakuwa “Poleni kwa kuuguza”. Kadi yake inaweza kuwa fupi hivi:

“Mama Neema, pole sana kwa kuuguza. Mungu amjalie mtoto nafuu, nawe akupe nguvu. Ijumaa tutakuletea chakula cha jioni wodini.”

Kwa Kiingereza huwezi kupata neno moja la kuuguza litakalokaa hapo, kwa hiyo mtaje mgonjwa kwanza kisha anayeuguza: “We were sorry to hear your daughter is unwell. Thinking of you both. We'll bring dinner to the ward on Friday.” Kiswahili hakisemi kama ni wa kike au wa kiume, na Kiingereza kitakulazimisha kuchagua ukitaka kuandika “daughter” au “son”. Kama hujui, uliza kabla ya kuandika, au tumia “your child”. Na sentensi ya chakula iache ilivyo katika lugha zote mbili, pamoja na siku, kwa kuwa ahadi yenye siku haimlazimishi anayeuguza kuanza kupanga na kuuliza.